Hasara niliyomficha mume wangu sasa inataka kunisaidia

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka 2021, kila mtu kazini alipokuwa na hisa kwenye simu, na mimi nikaingia. Nilinunua hisa 400 za kampuni moja kwa pauni 20 kila moja. Ziliposhuka nikaambiwa ongeza sasa zingali rahisi, nikanunua 600 nyingine kwa pauni 10. Jumla pauni 14,000, na kati ya hizo 9,000 zilikuwa fungu letu la kiwanja cha Pongwe. Novemba 2022 usingizi ulinipaa, nikauza hisa 800 kwa pauni 3 kila moja. Zile 200 zilizobaki leo ni pauni moja moja. Tena nilipoteza pauni 1,500 nyingine kwenye akaunti ya ISA. Kwa hesabu yangu hasara ni 9,600 na hizo 1,500, ndiyo 11,100. Mume wangu nilimwambia nimemkopesha kaka yangu aliyeko Muscat. Kaka anajua na amenisitiri.

Sasa Mungu kanifungulia. Dukani nilikuwa nakatwa pauni 150 kila mwezi kwa miaka mitatu, na Septemba 2024 nikapata hisa 3,000 za mwajiri kwa pauni 1.80. Leo zinauzwa 4.90. Nataka kuziuza zote kabla ya tarehe 5 Aprili turudishe kiwanja. Mwenzangu kazini ananiambia faida ya 9,300 ina kodi, ila nikiitoa ile hasara ya zamani silipi kitu. Ananiambia pia niziuze zile 200 leo, kesho nizinunue tena, nijiongezee hasara. Lakini fomu zote za nyumbani hujaza mume wangu, maana ni dereva wa teksi na amezizoea. Je, nilipe kodi ninyamaze, au niseme niokoe pesa na kuhatarisha nyumba?

Mama wa Wawili, Reading

* * *

Marahaba mwanangu. Vuta kiti.

Nimeshika vitabu vya hesabu za watu katika nchi hii miaka mingi, na nimekaa na maharusi wengi zaidi ya hao. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara mbili, mara moja kwa kila jicho. Nilichokiona ni kwamba umefunga pamoja mambo mawili yasiyofungana: kodi na siri. Hebu tuyafungue, tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ina makosa mawili.

La kwanza ni hizo pauni 1,500 za ISA. Zisahau, si kwa ubaya. Akaunti ile faida yake haitozwi kodi, na kwa hiyo hasara yake haihesabiwi kodi. Zilikuuma mfukoni, lakini kwa HMRC, wakusanya kodi wa Uingereza, hazipo.

La pili ni hiyo 9,600. Naona ulivyoipata: umechukua zile 400 za mwanzo za pauni 20, ukaongeza 400 za pauni 10, ikawa 12,000, ukatoa 2,400 ulizopata. Yaani ulihesabu kama mwenye duka anayeuza mchele ulioingia kwanza. Uingereza haiuzi hisa hivyo. Hisa za kampuni moja na za aina moja huingia kapu moja na bei zake zikachanganyika. Kapu lako lilikuwa na hisa 1,000 zilizogharimu 14,000, basi kila hisa ni pauni 14, hata ile uliyoinunua kwa 20. Uliuza 800, gharama yake ni 11,200. Toa 2,400, hasara yako ni 8,800. Na zile 200 zilizobaki zimebaki na gharama yake ya 2,800 ndani ya kapu, hazijapotea. Ukiwa na karatasi za ada ulizomlipa dalali wa hisa wakati wa kununua na kuuza, hizo nazo huingia kwenye gharama, na hasara itaongezeka kidogo. Nakuuliza pia: kati ya Aprili 2022 na Aprili 2023 uliuza kitu kingine chochote kwa faida? Kama uliuza, hasara ile ililazimika kwanza kuila faida ya mwaka wake. Nitaendelea kana kwamba hukuuza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenzako hakukwambia, na ndilo kubwa kuliko yote. Hasara haijiandikishi yenyewe. Lazima uidai, kwa kiasi chake, na una miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi ulioipata. Wewe uliuza Novemba 2022. Mwaka huo wa kodi uliisha tarehe 5 Aprili 2023, kwa hiyo mlango wako unafungwa tarehe 5 Aprili 2027. Leo ni Februari 2026, unao muda, ingawa si wa kulala nao. Watu wengi huchanganya hapa. Wanadhani hasara lazima itumike ndani ya miaka minne, wanakimbilia kuuza hisa zao nzuri ili wapate faida ya kuifutia. Sivyo. Miaka minne ni ya kuidai tu. Ukishaidai, inabebwa mbele mwaka hadi mwaka mpaka utakapoihitaji, hata iwe miaka ishirini. Usipoidai, siku ya tarehe 6 Aprili 2027 itakuwa imekufa, hata kama una risiti zote.

Na kuidai hakungoji kuuza hizi hisa za kazini. Unaweza kuandika barua kwa HMRC leo, yenye jina lako na namba yako ya bima ya taifa, jina la kampuni, tarehe na idadi ya hisa ulizonunua na ulizouza, bei zake, na hesabu inayofika kwenye 8,800. Hapa mume na mke hutozwa kodi kila mtu kivyake. Barua hiyo ni yako, jibu lake litakuja kwa jina lako. Sikwambii hivi ili nikufundishe kuficha. Nakwambia kwa sababu umeandika kana kwamba kodi itakuvuta mkono ukaseme. Haikuvuti. Ukisema, uwe umesema kwa hiari yako.

Tuone sasa hasara hiyo ingefanya nini. Ukiuza hisa zote 3,000 kabla ya 5 Aprili, faida yako ni 9,300. Kila mtu ana msamaha wa pauni 3,000 za faida kwa mwaka. (Ulikuwa 12,300 ulipouza kwa hasara mwaka 2022, ukakatwa hadi 6,000, kisha ukafika 3,000. Ndiyo maana siku hizi hata muuza duka anasumbuliwa na kodi hii.) Inabaki 6,300 ya kutozwa. Kwa mshahara wa dukani nadhani uko katika kiwango cha chini cha kodi, basi utalipa asilimia 18, yaani pauni 1,134. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza ukifanya kama ulivyopanga.

Ukiitumia hasara ya zamani, inafanya kazi kwa adabu. Hasara iliyobebwa kutoka miaka ya nyuma haigusi msamaha wako. Inateremsha faida mpaka 3,000, halafu inasimama. Kwa hiyo kati ya 8,800 itatumika 6,300 tu, kodi inakuwa sifuri, na 2,500 zinaendelea na safari kwenda miaka ijayo.

Hasara ya mwaka huohuo haina adabu hiyo, na hapo ndipo ushauri wa mwenzako unapopinda. Hasara ya mwaka huu hukatwa kwanza, yote, upende usipende, hata kama inaumeza msamaha wako bure. Chukua hizo hisa zako 200. Ukiziuza leo kwa pauni moja, hasara ni 2,600. Kama mwaka huu utauza pia hisa zote za mwajiri, hakuna ubaya: 9,300 inashuka hadi 6,700, hasara ya zamani inamalizia 3,700, na unabakiwa na 5,100 za kubeba. Hakuna senti iliyopotea. Lakini mtu mwingine, akiwa mwangalifu kidogo kukuzidi, atakwambia uuze sehemu tu ya hisa za kazini mwaka huu, faida isizidi 3,000, na nyingine mwakani. Ni ushauri mzuri huo nao. Ukiufuata pamoja na ule wa kuuza zile 200, umeharibu: faida ya 3,000, ambayo ingepita bure, inakatwa 2,600, na hasara yako imekwisha bila kukuokolea chochote. Mashauri mawili mazuri, kila moja likiwa peke yake. Nimewaona watu wenye digrii wakiingia shimo hilo.

Na kuhusu kuuza leo na kununua kesho, hilo limezibwa zamani. Ukinunua tena hisa za kampuni ileile ndani ya siku 30 baada ya kuuza, mauzo yako hulinganishwa na hizo ulizonunua mpya, si na zile za kapuni. Uza 200 kwa pauni moja, kesho yake zinunue kwa pauni 1.05: hasara yako ni pauni 10, basi. Ile 2,600 inabaki imelala ndani ya kapu. Na usidhani hakuna atakayegundua, kwa sababu tarehe ziko kwenye taarifa ya dalali, na ukidai hasara isiyokuwepo utakuwa umeongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza, tena huu una faini. Kama unaziamini bado hisa hizo, zishike tu. Hasara haizeeki ikiwa ndani ya kapu, huanza kuhesabiwa siku ya kuuza.

Sasa niguse la mumeo, polepole.

Umeniwekea njia mbili: kulipa na kunyamaza, au kusema na kuokoa pesa. Ipo ya tatu ambayo hukuitaja, nayo inanifanya nitabasamu kidogo, kwa sababu haihitaji hasara ile hata kidogo. Mke na mume wanaoishi pamoja wanaweza kupeana hisa bila kodi, na anayepewa anapokea na bei ya mwanzo ya mwenzake. Ukimpa mumeo sehemu ya hisa zako kabla ya kuuza, yeye naye ana 3,000 zake za msamaha. Kila hisa yako ina faida ya pauni 3.10, hivyo hisa 967 ni kama pauni 2,998 za faida. Wewe uuze 967 kabla ya 5 Aprili, yeye auze 967, na zile 1,066 zilizobaki mgawane na kuziuza kuanzia tarehe 6 Aprili, mwaka mpya na msamaha mpya. Kodi sifuri, ikiwa nyote wawili hamna faida nyingine. Hasara ya 8,800 hujaigusa. Nayo, nikukumbushe, huwezi kumpa yeye, hasara ni ya aliyeipata na haihami hata kwa ndoa.

Njia hiyo ina gharama zake. Hisa utakazompa ziwe zake kweli, na pesa zitakazotoka ni zake. Ukimpa kwa masharti kwamba azirudishe, si kupeana tena. Zile 1,066 zitakaa sokoni wiki kadhaa, na wewe kuliko mtu yeyote unajua bei inavyoweza kufanya ndani ya wiki. Tena itabidi umwambie kwamba unazo hisa, jinsi ulivyozipata na kwa nini mnagawana. Mazungumzo hayo yatakuwa mepesi, maana ni ya faida. Ila nakuuliza: mkiwa mmekaa mezani mkipanga kiwanja cha Pongwe, naye akasema, basi na yule shemeji akirejesha zile zake tutajenga na msingi, utajibu nini?

(Kulikuwa na mlango wa nne. Hisa za mpango wa namna hii mtu anaweza kuzihamishia kwenye akaunti ya ISA ndani ya siku 90 tangu azipate, zikaingia kwa bei ya siku hiyo bila kodi. Zako ulizipata Septemba 2024, siku hizo zimepita. Wanaosoma barua hii na mpango wao unakomaa mwaka huu, wamwulize mwajiri mapema.)

Turudi kwenye kuidai hasara peke yako. Barua kwa HMRC inawezekana, nimekwambia. Lakini siku utakapoitumia, faida ya 9,300 imepita msamaha, utalazimika kuitangaza. Kama hujawahi kujaza ritani ya kodi, utajiandikisha kabla ya tarehe 5 Oktoba 2026, na kuijaza mtandaoni kabla ya 31 Januari 2027. Kwenye kurasa za faida ya mtaji, SA108, kuna visanduku vya hasara zilizobebwa na zilizotumika. Akijaza mumeo, ataiona hasara hiyo ikiwa imekaa hapo. Ukijaza mwenyewe, au ukamlipa mhasibu, haioni. Ila mtu aliyekujazia fomu miaka yote, akisikia mwaka huu unajaza mwenyewe, huyo atajiuliza. Naongea kwa uzoefu: waume wengi hawakuyajua mambo kwa karatasi waliyoiona, waliyajua kwa karatasi waliyokatazwa kuiona.

Na kulipa ukanyamaza? Pauni 1,134 si pesa ya kuua nyumba. Yupo atakayeona ni bei nafuu ya amani, wala sitamcheka. Wewe unaijua nyumba yako, mimi naijua kwa barua moja. Ninachokuomba ni usichanganye kunyamaza mwaka huu na kuiacha hasara ife. Hata ukichagua kulipa, barua ya kuidai hiyo 8,800 bado inafaa kuandikwa kabla ya Aprili 2027, ili ukipata nguvu ya kusema mwaka 2029, kuwe bado na kitu cha kuokoa. Na msamaha ukiwa mdogo namna hii, hisa nyingine za kazini zikikomaa utaihitaji.

Kuna jambo nimelitafuta kwenye barua yako sikulipata. Hukuandika mahali popote kwamba mumeo ni mkali. Umeandika kwamba anajaza fomu za nyumba nzima. Sijui unachokiogopa hasa ni yeye kujua pesa zilipotea, au ni yeye kujua kwamba ulimtaja kaka yako. Hayo hayafanani. Pesa kupotea kwenye hisa mwaka 2022 kuliwapata wengi, na dereva wa teksi aliyesikiliza stori za abiria mwaka ule hatashangaa. La kaka ndilo zito zaidi, na hilo haliko kwenye fomu yoyote. SA108 haiulizi pesa zilikuwa za nani wala ulimwambia nani nini. Kwa hiyo hata akiiona hasara, ataona nusu tu, na wewe ndiye utakayeamua kama nusu ya pili inakuja siku hiyohiyo au la. Wapo wanawake niliowaona wakisema lote kwa mkupuo, na wapo waliosema la pesa kwanza, wakaacha lipoe, kisha la uongo. Wa pili walipata usingizi mapema, lakini wachache kati yao waliulizwa swali gumu kuliko yote: na lipi jingine umelibakiza?

Wakati unafikiri, fanya moja lisilohitaji ujasiri. Ingia kwenye ile programu ya simu, kama bado inafunguka, upakue taarifa za manunuzi ya 2021 na mauzo ya Novemba 2022, na uziweke mahali ambapo wewe mwenyewe utaziona. Programu hizi hubadilisha wenyewe na akaunti tupu hufungwa. Bila tarehe na bei, hiyo 8,800 itakuwa neno lako tu.

Na ukiamua kusema, mpigie kwanza kaka yako Muscat. Ni zaidi ya miaka mitatu sasa anabeba deni asilolichukua, na asije akasikia kutoka kwa shemeji yake kwamba amelitua.